Mgonjwa Akisema "Sing'oi"

Mtu akiketi kwenye kiti cha daktari wa meno na kupanua kinywa, amekubali jambo moja tu: atazamwe. Hajakubali sindano ya ganzi, hajakubali jino litobolewe, wala hajakubali ling'olewe. Kila hatua kati ya hizo inataka ridhaa yake, na ridhaa hiyo haina maana ikiwa hajaelezwa kinachofanywa, kwa nini kinafanywa, kwa bei gani, na kitakachotokea asipofanyiwa. Wengi wetu tulilelewa na adabu ya kumnyamazia daktari. Tunaketi, tunafumba macho, na tukifumbua jino limeshakaa kwenye bakuli. Daktari naye, mwenye foleni ndefu nje, huona kunyamaza kule kumetosha.

Nchini Kenya jambo hili limeandikwa wazi katika Sheria ya Afya ya mwaka 2017. Kifungu cha 8 kinamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake ya afya, njia za uchunguzi na matibabu zilizopo, na kwa kila njia amtajie faida, hatari, gharama na matokeo yake. Kisha kinaongeza kitu ambacho wagonjwa wachache wanakijua: daktari lazima amweleze mgonjwa kwamba ana haki ya kukataa matibabu anayoshauriwa, na amfafanulie kukataa huko kunaweza kumletea nini. Maelezo yatolewe, pale inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayolingana na kiwango chake cha kusoma na kuandika. Kwa hiyo fomu ya Kiingereza iliyosukumwa mbele ya mzee asiyesoma Kiingereza, pamoja na kalamu na amri ya "weka sahihi hapa," haijatimiza sheria hata ikisainiwa mara kumi.

Kazi ngumu huanza mgonjwa anapoitumia haki hiyo, akasema hataki. Nitaeleza kwa mfano mmoja. Si kisa cha mtu fulani; nimeuunda kwa mambo yanayotokea kila wiki katika kliniki za meno za pwani yetu, lakini kila hatua yake ni ya kweli kitabibu na kisheria.

Mama wa miaka 52, muuza mitumba wa Kongowea, Mombasa, anafika kliniki akiwa na shavu lililovimba upande wa kushoto. Amesindikizwa na mwanawe wa kiume. Mama amesahau miwani, kwa hiyo fomu ya mapokezi inajazwa na kijana: una presha? Hapana. Una sukari? Hapana. Kuna dawa unazotumia? Hapana. Ndani, daktari anakuta gego la pili la chini kushoto lina tundu kubwa. Akiligonga kidogo kwa mpini wa kioo, mama anaruka. Picha ya eksirei inaonyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi, dalili kwamba kiini cha jino kimekufa na usaha umejikusanya ndani ya mfupa wa taya.

Daktari anamwambia njia ya kuliokoa jino ni kutibu mzizi, yaani kusafisha mifereji yake na kuijaza, kisha kulivika kofia. Ikiwa hilo haliwezekani, jino ling'olewe.

"Daktari, nipe dawa ya kukausha usaha tu," anasema mama. "Kung'oa sing'oi."

Hapa ndipo mambo huharibika, na huharibika kwa njia mbili. Daktari mmoja hutisha: "Haya, usaha ukipanda kichwani usije kunililia." Mwingine huridhia haraka mno, akaandika dawa, akamsainisha karatasi ya kukataa na kumwita anayefuata. Wa kwanza analazimisha, na ridhaa ya kulazimishwa si ridhaa. Wa pili anaonekana kumheshimu mgonjwa, lakini ukweli ni kwamba amemtelekeza. Mama anaondoka bila kujua alichokikataa, na daktari anabaki bila kujua sababu. Kwangu mimi huyu wa pili ndiye wa kuogopwa zaidi, kwa sababu faili lake litaonekana safi kabisa.

Daktari wa mfano wetu anashika njia nyingine. "Sawa, mama. Jino lako halitaguswa bila wewe kutaka. Niambie tu, kinachokupa hofu hasa ni nini?"

Mama anamtupia mwanawe jicho la haraka. "Basi tu, daktari. Sitaki."

Jicho lile ni habari. Daktari anamgeukia kijana: "Mwanangu, tupishe kidogo, utusubiri pale nje." Hamuulizi mama mbele ya mwanawe kama angependa kijana atoke, kwa sababu swali hilo lenyewe lingemweka mama pabaya, mama gani atasema hadharani kwamba ana jambo analomficha mtoto wake? Anaifanya ionekane kama kawaida ya kliniki, na inafaa iwe kawaida ya kliniki kweli. Kila mgonjwa mtu mzima apewe dakika chache za peke yake na daktari, awe na siri au asiwe nayo.

Mlango ukifungwa, mama anaanza kusema. Ana sukari, mwaka wa tatu huu. Nyumbani hawajui; watoto wakijua watamkataza kwenda sokoni, na soko ndilo linalowasomesha wadogo. Jirani yake mwenye sukari aling'olewa jino na kidonda kikakaa miezi bila kupona. Tena leo asubuhi amemeza dawa yake ya sukari kama kawaida, ila hajala chochote kwa ajili ya maumivu.

Ndani ya dakika mbili picha yote imegeuka. Majibu ya "hapana" kwenye fomu hayakuwa na thamani. Mgonjwa aliyemeza dawa ya sukari bila kula anaweza kuishiwa nguvu na kuzimia kwenye kiti, maana dawa nyingine hushusha sukari kupita kiasi tumbo likiwa tupu. Mwenye sukari iliyopanda, naye, usaha humwenea upesi zaidi na vidonda vyake hupona polepole. Na kukataa kwake, kulikoonekana kama ukaidi, kulikuwa na sababu ambayo mtu yeyote mwenye akili timamu angekuwa nayo. Lau daktari angeendelea kubishana naye mbele ya kijana, wangebishana hadi jioni bila kuigusa.

Ndiyo maana nasema ridhaa na siri haziwezi kutenganishwa. Mgonjwa asiye na hakika kwamba maneno yake yataishia pale chumbani atampa daktari habari nusu. Daktari atashauri kwa habari nusu, na mgonjwa atakubali au atakataa ushauri usiomhusu yeye hasa.

Kabla ya kusema lolote zaidi, daktari anapima sukari kwa tone la damu ya kidole. Inasoma 14. Asiye na ugonjwa huu, kabla ya kula, huwa kati ya 4 na 6 hivi. Sasa anaweza kumjibu kuhusu jirani yake, na anamjibu bila kumdharau. Ni kweli, anamwambia, sukari ikiwa juu kidonda huchelewa kupona. Lakini si kweli kwamba mtu wa sukari hang'olewi jino. Akiwa amedhibiti sukari yake, hung'olewa na akapona kama wengine. Tena usaha wenyewe huipandisha sukari. Kwa hiyo kulilinda jino hili bovu kwa kuhofia sukari ni kuichochea sukari hiyohiyo.

Kisha anamwekea njia zote mezani, hata ile asiyoipenda yeye. Kutibu mzizi kutaokoa jino, lakini kunataka kurudi zaidi ya mara moja, na pamoja na kofia ndiyo njia ya gharama kubwa kuliko zote. Kung'oa ni nafuu na huondoa chanzo cha usaha moja kwa moja, ila ataacha pengo, na katika siku chache za mwanzo damu iliyoganda inaweza kutoka kwenye tundu na kuacha mfupa wazi, hali inayouma sana. Huwapata watu wachache katika kila mia wanaong'olewa jino la kawaida. Njia ya tatu ni kutofanya kitu, au kumeza dawa tu. Dawa ya kuua bakteria huifikia nyama iliyovimba kwa njia ya damu. Ndani ya jino lililokufa hakuna damu inayopita, kwa hiyo dawa haifiki kiotani. Uvimbe utashuka, maumivu yatatulia, na baada ya wiki au miezi vitarudi.

Kuhusu gego hili hasa kuna jambo asiloruhusiwa kumficha. Mizizi ya gego la pili la chini mara nyingi hushuka chini ya mahali ambapo misuli ya sakafu ya kinywa imejishikiza kwenye taya. Usaha wake ukitoboa mfupa huenda usitokee kwenye ufizi kama kipele. Unaweza kushuka chini ya taya na kuelekea shingoni. Daktari wa Kijerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliueleza uvimbe wa aina hii mwaka 1836 na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Ukienea pande zote mbili chini ya kidevu huuinua ulimi na kuziba njia ya hewa. Hutokea kwa nadra, lakini unaua, na mwenye sukari isiyodhibitiwa yumo kati ya wanaoupata kwa urahisi zaidi.

Tazama namna ya kulisema jambo hilo. Linasemwa kwa sauti ileile iliyotaja bei ya kofia, likiambatana na dalili za kuangalia, bila kidole kunyanyuliwa. Tofauti kati ya kutisha na kueleza ni kwamba anayetisha huacha hofu, na anayeeleza huacha jambo la kufanya.

Sasa daktari anahakikisha ameeleweka. Swali la "umenielewa?" halisaidii, kwa sababu jibu lake siku zote ni "ndiyo, daktari." Anauliza hivi: "Mama, niambie kwa maneno yako. Ukimeza dawa peke yake, jino hili litakuwaje?"

"Litatulia, halafu litarudi."

"Na ukiona nini usingoje kukuche?"

"Nikishindwa kumeza. Ulimi ukiinuka. Pumzi ikiwa nzito. Na kinywa kikikataa kufunguka."

Bado hataki kung'oa leo. Lakini kati ya kung'oa na kuondoka na dawa kuna mlango ambao mabishano ya mwanzo yaliuficha: kulitoboa jino kwa juu ili usaha utokee humo, kusafisha mifereji na kuifunga kwa muda. Hatua hiyo hupunguza maumivu na haimnyimi mama lolote; baadaye anaweza kuendelea na tiba ya mzizi au kung'oa. Anakubali. Anaambiwa mapema kwamba penye usaha ganzi hushika kwa shida na huenda ikahitajika sindano ya pili, na kwamba akiinua mkono wa kushoto kila kitu kitasimama. Yote haya anaambiwa kabla ya sindano. Mtu ambaye mdomo umeshakufa ganzi, mashine inavuma na mate yanamjaa hayuko katika hali ya kujadiliana. Anaulizwa pia kama penisilini humdhuru, kwa sababu uvimbe umeshafika shavuni na safari hii dawa ya kuua bakteria inahitajika pamoja na kutoa usaha.

Linabaki faili. Daktari anayeandika "mgonjwa amekataa" ameandika maneno yasiyomlinda yeye wala mgonjwa. Kwa Kiswahili, maandishi ya siku ile yangesomeka hivi: "Gego la pili chini kushoto, usaha kwenye mzizi, uvimbe wa shavu. Ameshauriwa tiba ya mzizi au kung'oa. Amekataa kung'oa leo. Sababu: anahofia kidonda kutopona. Ameelezwa kwa Kiswahili hatari ya usaha kurudi na kuenea shingoni, na amezirudia dalili za hatari kwa maneno yake. Amekubali jino litobolewe. Sukari 14. Mwanawe hajui kuhusu sukari, asitajiwe. Arudi baada ya siku tatu." Hapo kuna ushauri, sababu ya kukataa, maelezo yaliyotolewa, na kilichokubaliwa. Sheria inampa daktari hiari ya kumtaka mgonjwa athibitishe kukataa kwake kwa njia rasmi, yaani kwa sahihi au kidole gumba. Ni kinga nzuri, ila sahihi hiyo inasema tu kwamba mazungumzo yalifanyika. Kama hayakufanyika, ni wino.

Siku ya tatu mama haji. Mhudumu wa kliniki anapiga simu, na inapokewa na kijana. "Naomba kuongea na mama," anasema. "Nani wewe? Kuna shida gani?" Mhudumu anajibu kwamba anapiga kutoka kliniki ya meno na angependa kuzungumza na mama mwenyewe. Kijana analijua jino, hata alimleta, na inaonekana ni ukatili mdogo kumnyima habari za mama yake. Lakini mhudumu hajui mama ameruhusu nini kisemwe, na sentensi moja ya huruma, "mwambie asisahau kupima sukari," ingemaliza miaka mitatu ya siri. Kifungu cha 11 cha sheria ileile kinasema habari za mgonjwa, zikiwemo hali ya afya yake na matibabu yake, ni siri, na milango ya kuzitoa ni michache, amri ya mahakama ikiwa mmojawapo. Uzazi au ndoa peke yake si mlango. Mke hana haki ya kusoma faili la mume, wala mume la mke. Mwajiri anayetaka hati ya ruhusa ya ugonjwa anatosheka kujua mfanyakazi apumzike siku ngapi. Ugonjwa wenyewe si wake kuujua.

Mama anarudi baada ya wiki mbili. Kwa ruhusa yake, daktari amekwisha kuzungumza na kliniki yake ya sukari, dawa imerekebishwa na kipimo kimeshuka. Amepiga hesabu ya kofia na kuona haiwezi. Anachagua kung'oa. Daktari angependa jino liokolewe, na anamwambia hivyo waziwazi mara moja, kisha anatayarisha koleo. Uamuzi huu, hata kama si ule ambao daktari angejifanyia yeye mwenyewe, ni wa mama, na safari hii anajua alichokichagua.

Nimekaa kwa huyu mama kwa sababu siri nyingi za kliniki za meno hazivunjwi kwa ubaya. Huvunjwa na mpangilio wa chumba. Viti viwili vimetenganishwa kwa pazia, na mgonjwa wa kiti cha pili anasikia kila swali. Mhudumu wa mapokezi anauliza kwa sauti, "Wewe ndiye mwenye presha?" Picha ya eksirei inatumwa kwenye kundi la WhatsApp la madaktari kuomba ushauri, na jina la mgonjwa limesimama pembeni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti, na picha ya meno yenye jina imo humo. Kulikata jina kabla ya kutuma huchukua sekunde chache.

Linaloniudhi kuliko yote ni alama kwenye faili la mwenye virusi vya Ukimwi, nyota nyekundu au kifupisho ambacho kila mfagizi wa kliniki anajua maana yake. Watetezi wake husema ni kwa usalama wa wahudumu. Hakuna usalama unaopatikana hapo. Vifaa vya kila mgonjwa vinapaswa kuchemshwa kwa mvuke wa shinikizo, kwa mfano nyuzi 121 kwa dakika 15, na glavu na barakoa huvaliwa kwa kila mgonjwa, kwa sababu baadhi ya wenye virusi hawajijui na hakuna nyota itakayowaonyesha. Kliniki inayomtegemea mgonjwa aseme ndipo ijilinde haijilindi. Daktari anahitaji kujua dawa mtu anazotumia ili asimwandikie nyingine zinazogongana nazo. Mfagizi na mhudumu wa mapokezi hawahitaji. Mgonjwa aliyewahi kuona nyota ile, safari nyingine atajibu "hapana" kwenye kila swali la fomu.

Haki ya kukataa ina mipaka, na ni vyema mgonjwa aijue. Unaweza kukataa matibabu yoyote, lakini huwezi kumlazimisha daktari akupe tiba anayojua itakudhuru. Mtu akisema mzizi wake utibiwe lakini picha ya eksirei hataki, daktari ana haki ya kutoanza. Bila picha hajui mizizi ni mingapi wala imepinda wapi, na anaweza kutoboa upande wa jino au kuacha mfereji wenye bakteria. Mgonjwa akisema, "Nitasaini kwamba ni juu yangu," sahihi hiyo haimwondolei daktari wajibu. Hakuna fomu ya kuridhia uzembe. Anachoweza kufanya ni kueleza kwamba mionzi ya picha moja ya jino ni midogo sana, kusikiliza hofu iko wapi, na kama bado haiwezekani, kumpa njia nyingine au kumwelekeza kwa mwenzake. Kumfukuza na maumivu yake hairuhusiwi.

Mpaka mwingine ni mtoto. Mzazi humridhia mtoto, lakini anaridhia kwa maslahi ya mtoto. Mtoto wa miaka sita mwenye homa na uvimbe unaofunga jicho, ambaye baba yake anasema arudishwe nyumbani akatiwe dawa ya mizizi, hayumo katika hali ya mama wa Kongowea. Mama alihatarisha taya lake mwenyewe, na kwa kujua. Hapa daktari anatakiwa kumpeleka mtoto hospitali haraka, na mzazi akizidi kukaza, kumhusisha afisa wa watoto.

Ridhaa pia haina nguvu ikiwa imepatikana kwa uongo. Katikati ya miaka ya 1990 mahakama ya Uingereza, katika kesi ya Appleton dhidi ya Garrett, ilishughulikia daktari wa meno aliyewafanyia wagonjwa kazi kubwa kwenye meno yasiyohitaji tiba yoyote, akiwaficha ukweli kwa ajili ya fedha. Wote walikuwa wamekubali na kupanua vinywa. Mahakama iliamua kwamba kukubali kwao hakukuwa ridhaa, kwa kuwa aliwanyima makusudi habari waliyohitaji, na kazi ile ikahesabiwa kuwa ni kuwashambulia mwilini. Mwaka 2015, katika kesi ya uzazi ya Montgomery, Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaongeza kwamba hatari inayopaswa kutajwa ni ile ambayo mgonjwa huyu, katika hali yake, angeijali. Kwenye meno, mfano wake ni gego la mwisho la chini. Kuling'oa kunaweza kuugusa mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya, na mdomo wa chini ukafa ganzi; kwa kawaida hisia hurudi, na ganzi ya kudumu humpata chini ya mtu mmoja katika mia. Karani anaweza kuisikia hatari hiyo na kusema endelea. Mpiga nzumari anayekula kwa midomo yake ana haki ya kuisikia na kusema hapana.

Nawe msomaji, ukienda kliniki, jaza fomu kwa mkono wako au umwombe mhudumu akusomee faraghani. Kabla ya ganzi, mwombe daktari akuonyeshe kwenye kioo jino analotaka kuligusa, na umuulize kuna njia gani nyingine na itakuwaje usipofanya kitu. Ukiwa na jambo usilotaka mwenzako alisikie, sema tu, "Daktari, naomba tuzungumze wawili." Akikudharau kwa hilo, au siri yako ikitoka, malalamiko hupokewa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, na yahusuyo data zako hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ukikataa tiba, itaje sababu yako halisi, kwa sababu ndiyo itakayompa daktari njia ya kukusaidia. Na ukishakataa, uvimbe ukishuka shingoni, kumeza kukiwa kugumu au ulimi ukiinuka, nenda hospitali usiku huohuo. Kukataa kwako kwa jana hakumpi mtu yeyote ruhusa ya kukurudisha mlangoni.